Naomba ushauri: tenki juu ya nyumba ndogo, lita ngapi na bomba zipiteje?

MtotoWaMikindani: Wakuu habari za saa hizi. Najenga vyumba viwili, sebule, jiko na bafu moja, hapa Mtwara Mikindani, tutakuwa watu 5. Maji ya bomba kwetu yanakuja siku moja yanapumzika siku mbili. Fundi anataka tenki la lita 2000 likae juu ya kenchi, bomba zote za PPR namba 20. Ni sawa?

Kusini_Kwetu: Weka hiyo 2000 mkuu, maji yakiwa mengi presha inakuwa kubwa, shawa itapiga vizuri.

FundiBomba_Lindi: Hapana ndugu, presha inaletwa na urefu, siyo wingi. Kila mita 1 kutoka maji ya tenki hadi kichwa cha shawa ni kama bar 0.1 tu, liwe la 500 au la 5000. Na lita 2000 ni tani 2, kenchi za mbao zilizopigwa kubeba bati zitapinda taratibu, utaona kwanza silingibodi inapasuka na bati linabonyea katikati.

Hesabu yako: watu 5 kwa lita 70 ni 350 kwa siku, siku mbili 700. Tenki la 1000 linatosha na akiba inabaki. Pandisha kuta za bafu mpaka kama mita 4.2, mwaga zege lenye nondo juu yake, mchoraji akupigie unene, tenki likae hapo. Shawa ikiwa mita 2 utapata zaidi ya mita 2 za urefu, inaoga vizuri. Pale bati linapogusa ukuta ziba vizuri maana ndipo mvua inapoingilia. Mnara wa chuma hapo pwani ni kupaka rangi kila mara, chumvi inaula.

MamaShangani: Mimi tenki langu liko chini na pampu, umeme ukikatika nabeba ndoo. Chimba kisima tu mwanangu.

MtotoWaMikindani: Asante mama, kisima bado sijafikia. Fundi, na bomba?

FundiBomba_Lindi: PPR hupimwa kwa nje, ile nene ya namba 20 uwazi wake ndani ni kama milimita 13. Toka kwenye tenki na 32, shuka moja kwa moja, la kwanza liende shawa kwa 25, kisha choo na jiko, 20 iwe kipande cha mwisho tu. Bomba lisipande likashuka njiani, hewa inakaa pale juu na maji yanakata. Elbo chache. Weka koki chini ya tenki, bomba la kumwaga maji ya ziada litoke nje uone boya likiharibika.

Kusini_Kwetu: Sawa, la presha nimekuelewa. Ila maji ya mtaa yatapanda mita 5?

FundiBomba_Lindi: Hapo sina jibu mpaka apime. Siku ya maji apandishe mpira mpaka mita 5 na nusu, ajaze ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa dakika 2 ni lita 600 kwa saa, tenki linajaa chini ya saa 2. Yakigoma kufika juu, itabidi tenki la chini na pampu ya kupandisha.

MtotoWaMikindani: Kesho ni siku yetu ya maji, naazima ngazi na mpira kwa jirani.