Naomba ushauri: bado niogope /dev/urandom?

Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu, natunza seva mbili za chama chetu cha akiba. Ile kuukuu ina kerneli 4.4. Juzi nilikuwa natengeneza ufunguo wa gpg, ikaganda dakika kumi na kitu. Nikaangalia:

```
cat /proc/sys/kernel/random/entropy_avail
```

Ikasoma 38. Nilipopapasa kibodi kama kichaa, ikasonga. Seva mpya, kerneli 6.1, inasoma 256 kila saa na haigandi kabisa.

Nilivyoelewa, zamani /dev/random ilihesabu entropi kama maji ya mtungi: ukichota, yanaisha, usubiri. Tangu kerneli 5.6 ya mwaka 2020 hesabu hiyo imeachwa. Sasa inasubiri mara moja tu, mashine inapowaka, hadi jenereta ipate mbegu ya kutosha. Baadaye /dev/random na /dev/urandom zote zinachota kwenye jenereta ileile, na mbegu ya biti 256 haichakai kwa kusomwa.

Kwa hiyo kwenye seva kuukuu nataka kuelekeza programu zisome /dev/urandom. Sioni ubaya, maana imewaka miezi.

Wasiwasi wangu ni vile vikompyuta vidogo vya bodi moja tunavyopeleka Bondo, vyote vimenakiliwa kutoka kadi moja. Vinaunda ufunguo wa SSH vikiwaka mara ya kwanza, na /dev/urandom haiahidi kusubiri mbegu. Je, kutumia getrandom() na kufuta faili ya mbegu kwenye kadi kabla ya kunakili kunatosha? Aliyewahi kukuta vikompyuta viwili vyenye ufunguo mmoja, aliugundua vipi?