Naomba ushauri: asiransi imekatala kulipa kamyo yangu na wakati unaisha

Jambo bandugu. Kamyo yangu iliungua kwa barabara ya Likasi tarehe 14/5/2024, asiransi ikanijibu mwezi wa tisa eti nilichelewa kutoa habari, na mi niliwapelekea barua siku ya tatu, kopi yenye tampo yao niko nayo. Kontra inasema kushitaki ni ndani ya miaka 2, nilikuwa nafikiri inahesabiwa tangu barua yao ya kukatala, kumbe imeandikwa tangu siku ya ajali. Bon, miezi ile yote ya "rudia wiki ijayo" ilikuwa inakula wakati wangu.

Tena mu kontra kuko klozi ya arbitraji, ni kusema bugomvi unaamuliwa na arbitre, hapana tribinali. Avoka mumoja anasema tuende tu tribinali ya biashara hapa Lubumbashi, juu sheria ya OHADA ya arbitraji, artikle 13, inakataza juji kujitoa mwenyewe mu kesi, mpaka asiransi ndiyo ilete ile klozi. Lakini ikiileta? Juji atatuacha, na miaka 2 itakuwa imekwisha.

Mwenye alishapita umo: mulianza na arbitraji ao tribinali? Na barua ya rekomande yenye kudai malipo, ilikata ile hesabu ya miaka kweli?