Mrejesho: barua ya mwalimu mlezi

Niliuliza: "Nipo mazoezini kufundisha. Mwalimu mlezi kazungushia utangulizi na kuimarisha maarifa kwenye andalio langu la somo. Nirekebishe vipi?"

Wakuu, barua yake ilisema: "Mwanangu, umeandika 'kuuliza maswali'. Maswali gani? Na dakika 15 za utangulizi kati ya 40 za kipindi zinakula somo."

Basi nikaandika swali lenyewe: 1/2 + 1/3 ni ngapi? Dakika 5 tu. Wanafunzi wengi wakajibu 2/5, wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nikawauliza: mbona 2/5 ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo? Kimya! Wakakunja karatasi visehemu sita, wakapata 3/6 + 2/6 = 5/6.

Kwenye kuimarisha, badala ya kunakili ubaoni (aibu yangu hiyo), kila mmoja alifanya 1/4 + 1/3 peke yake. Waliokwama nikawaona palepale.