API ya malipo inajibu 200 hata muamala ukikataliwa: huu ni uzembe

Wakuu, duka letu la mtandaoni hapa Kariakoo limesafirisha mizigo ambayo haijalipiwa, na chanzo ni API ya kampuni inayotuunganisha na mitandao ya simu. Muamala ukikataliwa, seva yao hujibu hivi:

```
HTTP/1.1 200 OK
{"status": "FAILED", "message": "Insufficient balance"}
```

Ukifanikiwa, jibu ni 200 hiyo hiyo, ila `status` haimo kabisa. Kwa hiyo kitu pekee kinachotenganisha aliyelipa na asiyelipa ni neno `FAILED`. Wiki iliyopita, bila taarifa na anwani ikiwa bado `/v1/`, waligeuza `status` ikawa `state`. Mfumo wetu haukuona kosa, logi zikabaki safi, na bodaboda wakapakia mizigo. Hivi hiyo `v1` waliiweka kama pambo?

Mchangiaji wa 1: Pole mkuu. Wangerudisha 400 kwa kila kosa, mambo yangekwisha.

Mchangiaji wa 2: Hata mimi nilikatwa hela ya king'amuzi na chaneli hazikufunguka. Fedha hurudi baada ya muda gani?

Mchangiaji wa 3: Ndugu, king'amuzi kifungulie uzi wake. Kuhusu 400, hiyo humaanisha ombi limeandikwa vibaya, ilhali ombi la mteja asiye na salio limeandikwa sahihi. 422 ingefaa zaidi, na mtandao ukiwa chini iwe 503, ili mfumo ujue lipi la kurudia na lipi la kuacha. Maelezo ya kosa yangefuata RFC 9457, ambamo `type` haibadiliki na mashine huitegemea, huku `detail` ikibaki ya kusomwa na binadamu. Lakini malipo ya simu yana ugumu wake: ombi linapopokelewa mteja bado hajaweka namba ya siri, hivyo jibu la haki ni 202, na matokeo huja baadaye. Kuhusu toleo, kuongeza kipengele kipya ndani ya `/v1/` ni ruksa, bali kubadilisha jina kunadai `/v2/`, au majina yote mawili yatumwe kwa muda uliotangazwa. Ila nanyi, msitoe mzigo kabla ya kuulizia hali ya muamala.

Mwanzisha uzi: Kuulizia ndiko kunakonichefua zaidi. Malipo yanarudisha `transaction_id`, taarifa ya matokeo inaleta `TxnRef`, na anwani ya kuulizia, ambayo wameiita `/getTransaction` wakati ya kulipa ni `/payments`, inadai `refNo`. Nikituma `transaction_id` mahali pa `refNo`, mara napata muamala, mara napata 200 yenye mabano matupu. Nimewauliza kama hayo majina matatu ni namba moja, wakanijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi.

Mchangiaji wa 1: Mabano matupu? Basi hapo wangerudisha 404.

Mchangiaji wa 3: Hapo nakubaliana nawe.