Kanikatia "ambao" kwa wino mwekundu, mbele ya kikao kizima!

Chumvi Nyingi: Wakuu, mkono bado unatetemeka. Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule wa kalamu nyekundu mfukoni hata msibani. Nimeandika tangazo la kikoba: "Wanachama ambao hawajalipa mchango wa Mei wamwone mhazini." Kalitwaa, kalisogeza puani, fyuu! Mstari juu ya "ambao hawajalipa". Pembeni kaandika "wasiolipa". Eti amba- ni mkongojo wa wavivu. Wino MWEKUNDU, jamani, hadi anayeuza chai kacheka. Kisha akasoma kwa sauti: "Wanachama wasiolipa..." Mzee mmoja hulipa kila tarehe 30 tangu dunia haijaumbwa. Akachukua kofia yake: "Mimi ndiye nisiyelipa?" Akaondoka. Wino mwekundu!

Bibi Kaniki: Mzee ana haki. "Wasiolipa" haina wakati ndani yake, inasikika kama tabia: hawalipi leo wala kesho. "Hawajalipa" ina "bado" ndani yake, na hiyo -ja- haikubali -o- tumboni. Ni kama -me-. Chukua "amefika" uichomeke -ye- uone kama ulimi utakubali. Utasema "ambaye amefika", au uhamie "aliyefika". Kwa hiyo hapo amba- ndiyo njia yenyewe, si mkongojo.

Kumbakumba: Ila bwana ana kahoja. Kuna watu kila sentensi ambaye, ambayo, ambacho. "Mama ambaye anapika" ya nini wakati "anayepika" ipo?

Chumvi Nyingi: Wewe hukuuona ule wino.

Dereva wa Usiku: Mbona rahisi. -o- inaingia kwenye -li-, -na- na -ta-. Waliolipa, wanaolipa, wataolipa. Kwisha.

Bibi Kaniki: Watakaolipa. Hiyo -ka- umeishusha stendi gani?

Dereva wa Usiku: Huku tunasema wataolipa na watu wanalipa.

Shangazi wa Pili: Kwani mchango wa Mei ni shilingi ngapi?

Kumbakumba: Swali zuri. Na mleta uzi umeshalipa?

Chumvi Nyingi: Tusitoke kwenye mada.

Kumbakumba: Hahaa! Ndiyo maana kaipenda "hawajalipa".

Karani Mchovu: Afadhali nyinyi. Bosi wangu anaandika "mteja ambaye aliyekuja". Amba- nje, -ye- ndani, kama mtu aliyevaa suruali mbili. Mimi ndiye ninayezipiga chapa barua zake, na nikimrekebisha ananuna wiki nzima.

Wa Eastlands: Huku Nairobi hatuna shida hizo. "Mtu mwenye alikuja", "watu wenye walikuja". Amba- tuliiacha kwa karatasi ya mtihani.

Bibi Kaniki: Mwenye alikuja? Mwenye nini?

Wa Eastlands: Mwenye pesa ya Mei, mama.

Karani Mchovu: Na hizi kadi za harusi, "sherehe ambazo itafanyika"? Sherehe moja, ambazo ngapi?

Shangazi wa Pili: Hiyo kadi ninayo hapa mezani! Na mchango wake ni elfu hamsini.

Chumvi Nyingi: Jamani, wino mwekundu...

Shangazi wa Pili: Elfu hamsini, na ukumbi wenyewe hauna feni.