NVMe kwenye kompyuta ya zamani: gemu zitafunguka haraka zaidi ya SSD ya SATA?

Mchezaji_Tanga: Wakuu, nina OptiPlex 7010 ya mnara, i5-3470, RAM GB 8, GTX 1650 na SSD ya SATA ya bei rahisi. GTA V inanichukua sekunde 70 kuingia mchezoni. Nimeona adapta ya kuchomeka NVMe kwenye sloti ya PCIe. Ninunue?

Kasi_Tu: Nunua leo! SATA inaishia 550 MB/s, NVMe inafika 3500. Gawanya mwenyewe: sekunde 70 zinakuwa 11.

Fundi_Rashidi: Kasi_Tu, namba zako za diski ni sahihi, ila hesabu haifuati. Sloti yake ya pili ni PCIe 2.0 ya njia nne, kwa hiyo atapata kama 1600 tu. Hata hizo gemu haitazimaliza, kwa sababu mafaili yakishasomwa prosesa inabidi iyafungue, na kazi hiyo hapo ni ya i5 yenye kori nne. GTA Online ilishatuonyesha: mwaka 2021 iligundulika muda mwingi wa kusubiri ulikuwa prosesa ikichambua faili moja la orodha, wala si diski.

Mchezaji, fungua Task Manager wakati gemu inajifungua, uangalie Active time ya diski. Ikiganda 100% muda wote, diski ndiyo inayokuchelewesha. Ikicheza chini huku kori moja ya prosesa imejaa, pesa ya NVMe itapotea bure. Kisha fungua CrystalDiskInfo, usome Transfer Mode.

Mama_Gemu: Mimi nilinunua M.2 kwa adapta kama hiyo, kompyuta haikuiona kabisa. Kumbe ilikuwa M.2 ya SATA. Umbo ni lile lile, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye stika kabla hujalipa.

Mchezaji_Tanga: Fundi, imeandika SATA/300 | SATA/600. Ina maana gani?

Fundi_Rashidi: Namba ya kwanza ndiyo kasi unayopata sasa, ya pili ndiyo uwezo wa diski. Umechomeka kwenye tundu la kasi ndogo. Zima, hamishia kebo kwenye SATA0.

Mchezaji_Tanga: Nimehamisha, sasa ni SATA/600. GTA V imeshuka hadi sekunde 61. Active time inafika 100% mwanzo tu, halafu inashuka kwenye 20% na kori moja inabaki juu. Ila RAM imejaa hadi GB 7.6.

Fundi_Rashidi: Basi ongeza RAM ifike GB 16 kwanza. Ikijaa, Windows inahamishia kumbukumbu kwenye diski hiyo hiyo. Na ukija kuweka NVMe, jua BIOS ya mashine hiyo haiwezi kuwashia Windows humo, itakuwa ya kuhifadhia gemu tu.

Kasi_Tu: Sawa kwa GTA V. Lakini gemu mpya zinavuta picha za ramani wakati unacheza. Huko bado nasema NVMe itasaidia.

Fundi_Rashidi: Kwa prosesa ya 2012 nina mashaka. Mwenye i5 kizazi cha tatu na NVMe atuletee vipimo.