Ruleti ya laivu na ya programu: ipi afadhali?

Kombe_Malindi: Wakuu, nacheza ruleti ya laivu kwa simu nikiwa huku Malindi. Jana naona kabisa mpira bado unazunguka, naweka shilingi 50 nyeusi, naambiwa muda wa dau umekwisha. Kwenye ile ya programu sijawahi kukataliwa. Ipi afadhali?

Fundi_Mitambo: Nimefanya kazi studio ya namna hiyo kule Riga, Latvia. Ulichokiona kilikuwa kimeshapita. Picha ikitoka kwenye kamera inabanwa kisha inasafirishwa, ikikufikia sekunde kadhaa zimepotea, na bando likiwa dhaifu zinazidi. Dau lako linafuata saa ya seva. Namba nayo husomwa na vihisi vya gurudumu na kutumwa kando na video, ndiyo maana picha ikiganda, dau lililokwisha kukubaliwa linaendelea na matokeo utayakuta kwenye historia.

MamaDera: Mimi naamini laivu tu. Programu inatazama umeweka wapi, halafu inakukwepa.

Fundi_Mitambo: Dada, programu ya matapeli yaweza kufanya hivyo. Iliyopimwa na maabara huchota namba bila kuangalia dau. Kuliona gurudumu ni faida kweli, ila hesabu haibadiliki: gurudumu la sifuri moja lina vyumba 37, na nyumba inabaki na asilimia 2.7, laivu au programu. Kinachotofautiana ni mwendo. Tuchukue zile 50 za Kombe. Kwa wastani kila mzunguko unamla shilingi 1.35. Meza ya laivu ikienda mizunguko 45 kwa saa, ni kama shilingi 61. Kwenye programu hakuna wa kumngoja: akibonyeza kila baada ya sekunde 12, ni mizunguko 300, shilingi 405 kwa saa hiyohiyo.

Shela_21: Mimi niko Lamu, nacheza ishirini na moja. Najifunza kuhesabu karata. Laivu itanifaa?

Fundi_Mitambo: Kwenye programu usijisumbue, karata kwa kawaida huchanganywa upya kila mkono. Laivu hutumia pakiti nane, na karata ya kukatia mara nyingi huwekwa karibu na katikati. Hesabu yako ikianza kukomaa, wanachanganya.

Kombe_Malindi: Sawa, lakini kuna siku kihesabu cha sekunde kilionyesha 2 na bado nikakataliwa.

Fundi_Mitambo: Huenda dau lilikwama njiani, au kihesabu chenyewe kilichelewa kwenye simu yako. Kutoka hapa siwezi kukuambia ni lipi. Fungua historia, chukua namba ya ule mzunguko, uwaulize dau lilipokewa saa ngapi. Wanayo rekodi.

MamaDera: Na hiyo maabara, mimi mchezaji nitajuaje kweli imepima?